Maneno ya binti wa marehemu, Tabora

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Padre, wazee wangu, majirani wa Isevya na wote mliofika, shikamooni na poleni kwa msiba.

Wasifu wa marehemu umeshasomwa. Mmesikia alivyoajiriwa na Reli ya Afrika Mashariki, na ilipofika 1977 akajikuta yuko TRC bila kuhama kiti. Mimi familia imenituma niseme machache tu, na watani wameshanianzia: tangu jana wanapita hapa wamevaa makoti yake, wanatangaza kwamba Mzee Yohana alikuwa bahili. Sitawabishia. Nitawaongezea.

Mwaka wa El Nino, 1998, Baba alikuwa stesheni masta pale Gulwe. Maji yakaharibu reli upande wa Kilosa, na treni ya abiria iliyotoka Kigoma ikaishia kwetu. Mbele hakupitiki. Behewani kuna wazee, kuna watoto wachanga, na wauza chakula wa stesheni waliishiwa kabla jua halijazama. Baba akaja nyumbani, akamwambia Mama afungue gunia la unga, lile la mwisho. Mama akamuuliza, na sisi je? Akajibu, "Nyie mna kwenu."

Tukasonga ugali usiku kucha, jirani na jirani, masufuria yakaazimwa hadi misheni. Baba kasimama pembeni na daftari, kila sahani inayotoka anaandika. Mama hakusema kitu, ila moyoni alijua: mzee anaandaa madai, atawapelekea ofisini. Miezi ikapita, hela haikuja. Mama akamuuliza. Baba akamwangalia kama mtu asiyeelewa swali. Alikuwa anahesabu sahani, akasema, ili kesho yake ajue apike kiasi gani.

Huyo ndiye bahili wenu.

Kaka Deo yuko hapa, na ameniruhusu nisimulie la kwake. Kwa kweli hakuniruhusu, amekaa kimya tu. Deo alikuwa anasoma huku Tabora. Siku ya kurudi shule treni imeingia Gulwe, tranka lake liko sakafuni, yeye yuko kwenye mishikaki anasubiri chenji. Baba anamwona. Sisi sote tunamwona Baba anamwona. Saa ikafika, Baba akainua bendera ya kijani, treni ikaondoka, na Deo anaikimbilia, mshikaki mkononi. Akarudi analia, "Baba, si ungeisimamisha!" Baba akamwambia, "Kwani treni ni ya baba yako?"

Siku zile hata barabara ilikuwa ya kubahatisha. Akasubiri treni iliyofuata, akafika shule kachelewa, kabeba barua ya Baba kwa mkuu wa shule. Deo alidhani ni ya kumwombea radhi. Ilisema hivi: "Kijana amechelewa kwa uzembe wake. Naomba apewe adhabu wanayopewa wengine." Chini yake, saini na muhuri wa stesheni. Deo akafyeka majani wiki nzima. Leo ni dereva wa basi, na abiria wake mliopo hapa mnajua kama huwa anachelewa kuondoka.

Kwenye simu Baba alizungumza kama anayelipia kila neno. Kila Jumapili, baada ya misa: "Mzima? Watoto? Haya, salimia." Hujajibu, ameshakata. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, hali ikawa mbaya, nikalazwa muda mrefu. Akapiga usiku. Akasema, "Mzima?" Nikashindwa kujibu, nikawa nalia tu. Nikangoja akate. Hakukata. Hakusema neno. Nilikuwa nasikia anavyopumua, na mbwa wa jirani akibweka, mpaka salio lake likaisha. Kesho yake akapiga tena, "Mzima?", kama kawaida.

Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia, Jumuiya kwa sala za kila jioni, na kina mama walioko jikoni tangu juzi.

La mwisho ni la madeni. Baba ameacha daftari. Fundi baiskeli wa pale sokoni, shilingi 3,500 zako zimo humo, pamoja na maelezo kwamba ile breki bado inalia. Mwone Kaka Deo baada ya maziko. Mliokopa kwake, majina yenu yamekatwa kwa kalamu nyekundu, kayakata mwenyewe mwezi uliopita, kwa hiyo msikimbie, njooni mle. Na anayemdai ambaye jina lake halimo, tutamsikiliza, lakini aje na risiti. Mnamjua.