Wakati wa Kukata Keki

Wana Mbeya, mpo? Wageni wetu wa Iringa, kamwene! Na nyie wa Tukuyu mliopita baridi ya Isongole kuja kwetu, makofi yenu hayo!

Sasa bwana na bibi harusi wanasogea kwenye keki. Wenye simu, piga picha ukiwa umekaa, mama mzaa chema pale nyuma naye aone mwanaye. Mjomba wa koti la bluu, kiti chako kinakuita. Ahsante, mjomba! Watoto, kaeni chini hapa mbele, keki mtapata.

Maharusi, shikeni kisu kwa pamoja, taratibu. Mashangazi, vigelegele tayari? Ukumbi, tuhesabu wote: moja... mbili... tatu... kata! Dijei, muziki!