Orodha ya Kupitia Kesi za Majaribio za Mwenzako: Mfumo wa Mapokezi ya Viazi, Toleo la 4

Inatumiwa na wajaribu wote wa ofisi ya Mbeya kabla kesi haijaingia kwenye duru ya majaribio. Hati ya mahitaji inayofuatwa ni toleo `2.3`. Ukikuta kesi inataja `2.1` au `2.2`, irudishe kwa mwandishi bila kuendelea kuisoma.

Hupitii kesi ulizoandika mwenyewe. Kwa kikao kimoja pitia kesi zisizozidi 20, kwa sababu kesi ya ishirini na moja huwa unaisoma huku akili iko kwenye chakula cha mchana. Fungua hati ya mahitaji upande mmoja na kesi upande wa pili. Mfumo wenyewe uufunge; sababu iko sehemu D. Kwenye maoni taja namba ya swali, kwa mfano "`PK-027`: D2", kisha eleza kwa sentensi moja au mbili.

A. Inaeleweka?

A1. Mpimaji mpya aliyeanza kazi jana kituo cha Isongole anaweza kuifuata kesi hii bila kumpigia mwandishi simu?

A2. Hali ya kuanzia imetajwa: nani ameingia kwenye mfumo, kituo kipi, mkulima yupi, bei ya siku ni ngapi?

A3. Data imeandikwa kama inavyochapwa? "Gunia zito" si data. `100.1` ni data.

A4. Kesi inapima jambo moja tu? Ikishindwa, utajua papo hapo kilichoshindwa?

A5. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24? Sisi tunasema saa 2 usiku, mfumo unaandika `20:00`. Kesi iliyosema "saa 2" tu iliwahi kujaribiwa na watu wawili kwa nyakati mbili, na wote wawili walikuwa na hoja.

Mfano wa kesi ya kurudishwa: "Ingiza gunia lililozidi, hakikisha mfumo unafanya kazi vizuri."

Baada ya kurekebishwa: "Ameingia mpimaji wa kituo cha Ilembo. Mkulima `MK-0231` amesajiliwa na hana mzigo wa leo. Ingiza uzito `100.1`, bonyeza Hifadhi. Inatarajiwa: ujumbe 'Gunia limezidi kilo 100. Punguza, upime tena'; hakuna rekodi mpya; jumla ya mkulima inabaki `0.0`."

Maneno "vizuri", "ipasavyo" na "kama kawaida" yakionekana kwenye matokeo yanayotarajiwa, kesi inarudi. Hakuna mjadala hapo.

B. Imerudiwa?

B1. Kuna kesi nyingine yenye hatua hizi hizi, tofauti ikiwa ni jina la mkulima au namba isiyobadilisha sheria tu? `PK-014` na `PK-031` zilikuwa hivyo: gunia la kilo 70 na gunia la kilo 80, zote zinakubaliwa kwa sheria ileile. Moja inatosha.

B2. Usifute kwa kufananisha sura. `99.9`, `100.0` na `100.1` zinafanana kwa macho, lakini zinalinda mpaka wa lumbesa, na aliyeandika msimbo akiweka `<` mahali pa `<=`, ni `100.0` pekee itakayomkamata.

B3. Hatua za kuingia kwenye mfumo zimenakiliwa tena? Zinaitwa kwa `AND-01`, haziandikwi upya.

Ukipata pacha, pendekeza ibaki yenye namba ya zamani, kwa kuwa ripoti za kasoro zilizopita zinaitaja hiyo. Anayefuta ni mwandishi, si wewe.

C. Nini kimesahaulika?

Hapa usisome kesi kwanza. Soma sharti kwenye hati, kisha tafuta kesi zake. Ukianzia kwenye kesi utaona zilizopo tu.

C1. Kila sharti lina angalau kesi moja ya kukubaliwa na moja ya kukataliwa?

C2. Uzito: `0`, hasi, herufi, nafasi tupu, na `86,5` yenye mkato badala ya nukta? Hiyo ya mwisho wapimaji wanaichapa kila siku.

C3. Mtandao ukikatika baada ya kubonyeza Hifadhi, na mpimaji akabonyeza tena, inatarajiwa rekodi moja au mbili? Kwenye vituo vya milimani hili ni jambo la kila wiki. Kesi isiyoligusa imeandikwa kwa ajili ya ofisi, si kituo.

C4. Malipo ya simu yakichelewa kujibu, kuna kesi inayothibitisha kwamba mkulima halipwi mara mbili? Na ile ya kinyume, kwamba hapotezi malipo yake?

C5. Namba ya simu ikiingizwa kwa kuanza na `0`, `255` au `+255`, zote tatu zinamfikia mkulima mmoja?

C6. Utafutaji wa jina. Chapa `Mwa` na nusu ya daftari la Rungwe linajitokeza. Kuna kesi ya wakulima wawili wenye majina yote sawa, kituo kimoja?

C7. Bei ikibadilishwa mchana, mizigo ya asubuhi inabaki na bei yake?

C8. Mpimaji akijaribu kubadili bei, anazuiwa?

D. Matokeo yanayotarajiwa ni sahihi?

Tumia nusu ya muda wako hapa. Kesi isiyoeleweka italalamikiwa na iliyorudiwa itatuchosha tu. Kesi yenye jibu lisilo sahihi inapita kijani na kuibariki kasoro.

D1. Jibu limetoka kwenye hati, au limenakiliwa kwenye skrini? Tuliwahi kuwa na kesi iliyopita duru tatu bila tatizo. Mfumo ulikuwa haupunguzi uzito wa gunia tupu kwenye uzito wa mzigo, na mwandishi alikuwa amechukua jibu lake humo humo kwenye mfumo. Ndiyo maana unaufunga.

D2. Umepiga hesabu mwenyewe kwa kikokotoo? Mfano wa `PK-027`, magunia 7, kilo 612.4, bei shilingi 850:

```
612.4 - (7 x 0.5) = 608.9
608.9 x 850       = 517565
makato 2%         = 10351.3 -> 10351
anayolipwa        = 507214
```

Kesi ilisema `507213.7`. Hati inasema makato yanashushwa hadi shilingi nzima kabla ya kutolewa, na senti hazitumwi kwenye simu.

D3. Tarehe ya mzigo wa usiku. Hifadhidata inatunza saa za UTC, nasi tuko mbele kwa saa 3. Lori likipimwa saa 7 usiku tarehe 12, yaani `01:00`, hifadhidata inaonyesha `22:00` ya tarehe 11. Ripoti ya siku lazima iseme tarehe 12. Je, kesi inasema hivyo?

D4. Kuna "au" kwenye jibu? "Inaonyesha kosa au inarudi mwanzo" ni majibu mawili. Mwandishi achague.

D5. Kesi ya kukataliwa inasema pia kile ambacho hakipaswi kubadilika?

Wewe na mwandishi mkipata majibu tofauti, msipigiane kura. Mpelekeeni mchambuzi mwenye hati. Huenda hati yenyewe ndiyo yenye utata, na hapo kesi inasubiri.

Uamuzi

Kila kesi inapewa moja: Inapita, Irekebishwe, au Ifutwe. Kosa lolote la D ni Irekebishwe, hata kama mengine yote yako sawa. Andika kuhusu kesi, si kuhusu mtu: "jibu halijatoa uzito wa magunia", si "dada, umesahau tena".

Maoni yamfikie mwandishi kabla ya Jumatano `16:00`. Marekebisho yanarudi kwako, si kwa mwingine, kabla ya Alhamisi `12:00`. Kesi za C3 na C4 zinapitiwa na watu wawili.