Kuhusu kuhamia Arusha

Habari za asubuhi dada,

Kampuni italipa nauli za basi kutoka Mwanza, zako, za mumeo na watoto wote wawili, pamoja na lori la mizigo lisilozidi shilingi 1,200,000. Tunza risiti. Siku 14 za kwanza mtakaa nyumba ya wageni Njiro kwa gharama yetu.

Kodi ya nyumba hatulipi, wala pesa ya dalali, na huku wenye nyumba wengi hudai miezi 6 kwa mkupuo. Najua inabana, ndiyo maana nimekuombea mkopo wa mishahara 2, utakaokatwa kidogo kidogo mwaka mzima. Umekubaliwa. Ada za shule ni juu yenu.

Tafadhali usilipie nyumba ambayo hujaiona kwa macho. Nijibu kabla ya Ijumaa nikate tiketi.

Ofisi ya Ajira, Arusha