Maji Mafu

Mvua za masika zilizoa kalvati la barabara ya kwenda kwa diwani usiku wa Jumapili, na Jumatatu asubuhi mtendaji wa kata akapiga simu: kikao hakiahirishwi, kitafanyika mtandaoni, kila mjumbe abaki kwake na simu yake. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akashusha simu yake ya kitochi, akaitazama kama anayepima samaki aliyeoza.

"Hii ina mtandao?"

"Haina, babu."

"Basi lete yako."

Ndivyo simu yangu ilivyoingia kwenye kamati ya kata.

Kijiji chetu kipo kusini mwa mji wa Tanga, njia ya Pangani, ukishaipita Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Mtandao upo, ila una mahali pake. Kwetu unakaa chini ya banda la makuti upande wa bahari, karibu na nguzo ya tatu. Ukihama hatua mbili, umeupoteza. Nikaifunga simu kwenye nguzo hiyo kwa mpira wa ndani ya baiskeli, nikaweka kiti mbele yake.

Babu alitoka chumbani saa nne kasoro robo. Kanzu imepigwa pasi, kofia ya kiua, koti la sherehe, fimbo mkononi. Na alikuwa amejifukiza udi. Ulimtangulia mpaka uani.

"Nahodha," bibi akamwambia, "wale watakuona tu. Hawatakunusa."

"Mimi nitajinusa."

Hapo bibi akanyamaza, jambo ambalo si la kila siku.

Ajenda ilikuwa moja: kufunga mwamba wa pweza. Huku pwani jambo hilo limezoeleka siku hizi. Mnakubaliana mwamba fulani usiguswe miezi mitatu, na kwa kuwa pweza hukua haraka kuliko samaki wengi, mkija kuufungua mnamkuta ana uzito wa kueleweka, si vile vidogo vya kukaanga na kumaliza kwa tonge mbili. Babu aliitwa kwa niaba ya baraza la wazee. Kufunga alikuwa hakupingi. Alikuwa na lake la kusema juu ya tarehe, na alilikalia wiki nzima. Usiku nilimsikia akilifanyia mazoezi.

Kikao kikafunguka. Mtendaji akaomba dua, kisha akasema anazima maiki za wote kwa sababu kuna mtu kuku wake wanawika, atakayetaka kusema awashe yake. Maneno hayo nayakumbuka mimi. Babu sikio lake la kushoto lilibaki baharini zamani, na la kulia lilikuwa linapambana na upepo kwenye makuti. Nilifungua mdomo nimwelekeze, akainua kidole.

"Mume mwenzangu, simu ni yako, kikao ni changu. Bando lipo?"

Nikaangalia. Lilikuwa linaelekea kuisha.

"Nenda dukani. Na kuanzia sasa usiguse kitu."

Nikaenda. Duka lilifungwa, mwenyewe yuko shamba, nikamfuata shamba. Kwa kukadiria nilichukua dakika 20. Niliporudi niliisikia sauti ya babu kabla sijaliona banda, na nikajua yuko katikati ya hotuba, kwa sababu alikuwa amefika kwa Wareno.

"…mwaka 1498, Vasco da Gama, na majahazi yake na ramani zake, akaja akapanda mwambani hapa hapa Mtang'ata! Chombo kimekaa juu ya jiwe kama kuku juu ya mayai. Nani alimtoa? Mizinga? Maji! Maji yalipojaa ndipo kikaelea. Mheshimiwa diwani, mtu asiyeuliza maji yako wapi, hata awe na mizinga, atakaa juu ya jiwe!"

Uani palijaa. Shangazi na wenzake wanaokwenda mwambani kwa miguu walikuwa wamekaa kwenye jamvi, wengine bado na ndoo zao. Watoto wameparamia ukuta. Vijana wawili wa kuzamia walisimama kando wakijidai wanapita.

"Mmesema tunafunga tarehe 10 Mei, tunafungua tarehe 10 Agosti. Tarehe imekaa vizuri kwenye karatasi. Lakini bahari haina kalenda ya ukutani! Nimehesabu. Tarehe 10 Agosti mwezi utakuwa na siku 22 angani. Nusu mwezi. Maji mafu! Maji hayatatoka, mwamba hautaonekana, na hawa mama zetu wanaochokoa pweza kwa chuma watasimama ufukweni na ndoo tupu. Nani atakayeingia siku hiyo? Mwenye miwani na mapezi!"

Vijana wawili wakaanza kuangalia miguu yao.

"Miezi mitatu mwanamke amejizuia. Amekula mhogo na chumvi, hakukanyaga mwamba. Halafu siku ya kufungua, mlango unafunguliwa kwa mwingine!"

"Sema, Nahodha!" Shangazi akapiga kofi.

Nimemsikia babu akisema mambo mengi. Kwa kawaida hazipiti dakika mbili hajakatizwa, na bibi, au na adhana, au na mtu anayetaka kusema kwamba Vasco da Gama hakuja huku bali alikwenda Mombasa. Siku hiyo hakukatizwa na mtu. Alikuwa amenyooka kitini kama mlingoti, na kila alipotua, alitua kwa raha.

"Na waone," akatugeukia, akionyesha simu kwa fimbo. "Waone wanavyosikiliza. Wote wameshika masikio!"

Nikasogea. Kweli. Mtendaji alikuwa anagonga sikio lake kwa kidole. Mwenyekiti wa kijiji jirani ameshika yote mawili, anatikisa kichwa. Mwalimu mmoja alikuwa ameandika kitu kwenye karatasi anakisogeza kwenye kamera, akakisogeza mno, ikaonekana weupe mtupu. Na chini ya kioo, palepale pa kuonekana, kipaza sauti chenye mstari mwekundu na neno moja: Unmute.

Miguu ikaniisha nguvu.

Hebu nielezeni, mjukuu unamkatizaje babu yake anaposema mbele za watu? Nilimtazama bibi. Nikajishika mdomo, nikakata shingo kwa kidole. Bibi akaelewa mara moja. Nilimwona akielewa. Akageuka kumtazama mumewe, aliyekuwa sasa amefika kwenye pweza jike anavyolinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha naye anakufa. Pale sauti yake ilikuwa imeshuka, na watoto ukutani walikuwa wametulia.

"Mwache kidogo," bibi akaninong'oneza.

"Bibi, hawamsikii."

"Sisi tunamsikia. Mwache amalize hapo kwa pweza."

Nikamwacha. Lakini kutoka kwenye simu nikasikia, kwa sauti ndogo ya mbu, diwani akisema: "Mzee wetu nadhani ana tatizo la mtandao. Kwa kuwa hajapinga, tuchukulie ameridhia. Katibu, andika, tarehe 10 Agosti…"

Bibi naye alisikia. Masikio yake yeye ni mazima yote mawili.

"Mume wangu," akanisukuma, "nenda!"

Nikapita mbele ya watu, nikapiga goti mbele ya kiti. "Shikamoo babu, niwie radhi. Maiki imezimwa."

"Imezimwa na nani?"

"Tangu mwanzo, babu. Ulitakiwa ubonyeze hapa chini, palipoandikwa hivi."

Akainama, akasoma taratibu, kwa Kiswahili kama anavyosoma kila kitu. "U-nmu-te." Akaniangalia. "Huyu si mjumbe?"

"Mjumbe?"

"Kila sura ina jina lake chini. Nikasema huyu Unmute atakuwa mgeni, katoka wilayani. Nimtie mtu kidole cha uso?"

Kwenye jamvi mtu alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga. Babu hakucheka. Aliitazama simu, akatazama jamvi, ndoo, ukuta wenye watoto. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana ana miaka 78.

"Yote?"

"Yote, babu."

"Na Mreno?"

"Na Mreno."

Simu ikalia kidogo. Chaji imebaki asilimia 2. Mambo ya bando yalinisahaulisha mambo ya betri, na hilo kosa ni langu, silikatai. Nikabonyeza.

"…basi kama hakuna jingine," diwani alikuwa anasema, "naomba tufunge kwa—"

"Asalaam aleikum," akasema babu.

Kule wote wakaruka. Mwalimu akaangusha karatasi yake. "Waaleikum salaam! Mzee! Tunakusikia sasa! Karibu, lakini kwa ufupi, mzee wetu, muda umetutupa mkono."

Babu akavuta pumzi. Namjua, pumzi ile ilikuwa ya kuanzia 1498. Nikamwonyesha vidole viwili, kisha nikaonyesha betri. Akaitoa ile pumzi bila kuitumia.

"Tarehe 10 Agosti ni maji mafu," akasema. "Wanawake hawatafika mwambani. Sogezeni wiki moja, Alhamisi tarehe 17. Mwezi utakuwa unakaribia kuandama, bamvua, na saa nne asubuhi mwamba mkavu. Nimema—"

Kioo kikawa cheusi.

Hakuna aliyesema kitu. Babu aliendelea kuikodolea ile simu, akajiona humo yeye na kofia yake. Kisha akainuka, akasema anakwenda kuvua koti, joto.

Siku ile hakula mchana. Jioni alikaa barazani peke yake akitazama maji, ambayo kwa bahati mbaya siku hiyo yalikuwa mafu. Shangazi akamletea mbaazi za nazi, akamwambia yule pweza wa mayai amemliza. Babu akajibu, "Nyinyi mnajua tayari. Nilikuwa siwaambii nyinyi." Lakini sahani aliipokea.

Jumatano kalvati lilizibwa kwa mawe na mtendaji akaja kwa bodaboda, matope mpaka magotini, na muhtasari wa kikao ndani ya bahasha. Babu akanipa nimsomee. Nikapita haraka kwenye mahudhurio, nikafika ukurasa wa pili.

"'Mjumbe kutoka baraza la wazee alichangia kwa kifupi—'"

"Rudia," akasema bibi kutoka jikoni.

"'—alichangia kwa kifupi, akaeleza hali ya maji. Wajumbe wote walikubali tarehe ya kufungua mwamba isogezwe hadi Alhamisi, 17 Agosti.'"

Bibi alishatoka jikoni, mwiko mkononi, unga umemtapakaa mpaka kwenye viwiko. Akainyakua ile karatasi, akaigeuza huku na huku ingawa miwani yake ilikuwa ndani.

"Bwana mtendaji," akasema, "hapa palipoandikwa kwa kifupi, pana muhuri?"

"Chini kabisa, bibi. Muhuri upo."

"Basi hii nakala haiondoki humu ndani."