Daraja la Mlio

Habari za jioni, vijana. Leo nina daraja la kuwasimulia, ila msilitafute popote, maana nimelitunga mwenyewe. Nimeliita Daraja la Mlio. Ni jembamba, la kupita kwa miguu au baiskeli, na kingo zake ni mabomba ya chuma. Bomba moja kizibo chake kimedondoka, mdomo uko wazi. Upepo ukipita juu ya mdomo ule, bomba linalia uuuu, kama mnavyofanya mkipuliza juu ya chupa tupu.

Usiku mmoja anapita jamaa na baiskeli yake. Anasikia ule mlio, nywele zinamsimama, anakanyaga pedali mpaka nyumbani bila kugeuka. Asubuhi anasema: "Jana pale darajani nimesikia kitu kinalia." Hajadanganya hata neno moja. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu wengi tunadhani kisa cha mizimu huanza na mwongo.

Dada yake anakwenda kazini: "Kaka yangu kasikia mtu analia darajani." Kitu kimeshakuwa mtu. Mwenzake akifika kwake anasema ni mwanamke, kwa kuwa sauti ilikuwa nyembamba. Wa nne anauliza ambalo yeyote kati yenu angeuliza: huyo mama analilia nini? Hakuna anayejua, na kisa hakivumilii tundu, basi linazibwa: alimpoteza mwanawe mtoni. Kufika Ijumaa kuna saa maalumu, saa nane usiku, na kuna sharti: ukimsikia usigeuke nyuma. Lile bomba halitajwi tena. Hata ile baiskeli imepotea njiani.

Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett aliliona jambo hili, akalichapisha mwaka 1932. Aliwapa watu hadithi ya kabila la wenyeji wa Amerika Kaskazini, nao wakaisimulia upya kwa kumbukumbu. Mtumbwi uligeuka mashua, kuwinda sili kukageuka kuvua samaki. Msimuliaji huacha kilicho kigeni kwake na kuweka anachokijua. Mwaka 1947 Wamarekani wawili, Gordon Allport na Leo Postman, walieleza majaribio yao ya kupokezana maelezo ya picha: baada ya midomo mitano au sita, takribani asilimia 70 ya mambo madogomadogo yalikuwa yamepotea. Machache yaliyobaki ndiyo yaliyokuzwa.

Sasa, kwa nini tunaamini? Sikilizeni kisa kinavyoingia: "Si mimi, ni binamu ya rafiki yangu, tena mtu mzima, hana utani." Huyo binamu ndiye nguzo ya kisa chote. Yuko karibu kiasi cha kuaminika, na yuko mbali kiasi kwamba huwezi kumpigia simu. Ukimfuatilia, naye atakwambia alimsikia mwingine. Halafu tuna ule msemo wetu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naupenda, lakini hapa unatupotosha. Kilichopo ni bomba.

Kisha kisa kinaanza kujilisha chenyewe. Vijana wanakwenda darajani saa nane ili wathibitishe. Wana hofu, wamenyamaza, masikio yamesimama, na upepo upo. Wanausikia! Mmoja anarekodi sauti kwenye simu, inasambazwa kwenye makundi na maneno "sikiliza mpaka mwisho". Mwezi mmoja baadaye mtu anateleza pale, anavunjika mkono, na watu wanasema mnaona? Waliopita salama maelfu ya mara hakuna aliyewahesabu. Mtu akivuka akafika nyumbani akala akalala, hana cha kusimulia.

Hapa ndipo panaponiuma. Katika yale majaribio ya 1947 kulikuwa na picha ya watu ndani ya treni, na mzungu mmoja ameshika wembe. Mara nyingi, kisa kilipopita mdomo hadi mdomo, wembe ulihamia mkononi mwa mtu mweusi. Hakuna aliyepanga. Dhana mbaya iliyokuwa tayari vichwani ndiyo iliyouhamisha. Sasa rudini darajani kwetu. Kuna bibi anayevuka alfajiri kila siku akitoka kwa binti yake, anatembea polepole, anajifunika khanga kwa baridi. Siku moja mtu anamwona kwa mbali. Mnajua kisa kitakapotua. Na bibi huyo, tofauti na yule wa mtoni, ana jina na ana nyumba ambayo watu wanaweza kuifikia na mawe.

Karatasi hii niliyoikunja ina sentensi tatu kuhusu Daraja la Mlio. Nitamnong'oneza aliyekaa karibu na mlango, mara moja tu, naye atamnong'oneza jirani yake, hadi kwa yule wa mwisho pale dirishani. Huyo atasimama aseme alichopokea, kisha tuifungue karatasi. Simu mifukoni. Wewe wa mlangoni, sogea hapa.