Mwongozo wa Mahojiano na Mpango wa Uchambuzi wa Dhamira: Familia, Ugonjwa wa Akili na Njia za Tiba, Wilaya ya Muheza, Tanga

Tunachotafuta

Familia inayouguza mtu aliyebadilika akili inaelewaje kilichompata? Na nini kinaipeleka leo kliniki, kesho kwa mganga, keshokutwa kwa shehe au mchungaji? Hatuanzi na dhana kwamba familia huchagua kimoja na kuacha kingine. Mara nyingi huchanganya, na kinachotuhusu ni mpangilio wa huo mchanganyiko: nani alitangulia, nani aliamua, nini kilisababisha kuhama.

Nani wahojiwe

Familia 18. Sita zipatikane kwenye daftari la kliniki ya akili, sita kupitia waganga na viongozi wa dini, sita kupitia wahudumu wa afya ya jamii ambao wanazijua kaya zisizokwenda kokote kwa sasa. Tukichukua wote kliniki tutapata wanaoiamini kliniki tu, kisha tutaandika kwamba watu wanaiamini.

Kila familia wahojiwe wawili, kila mmoja peke yake: anayemuuguza kila siku, na mwenye kauli ya fedha. Hawa wawili mara nyingi si mtu mmoja. Mama ndiye anayejua mgonjwa alikula nini jana. Baba mkubwa au mjomba ndiye aliyeuza mbuzi. Waganga wanne, viongozi wa dini wanne na wauguzi watatu wahojiwe kwa mwongozo mfupi, baada ya familia.

Kabla ya kuanza

Kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na barua ya wilaya vitangulie, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji. Mtendaji asitusindikize nyumbani kwa mtu. Sheria ya mwaka 2002 inawataka waganga wasajiliwe, na mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mgeni mwenye karatasi na kinasa sauti hudhaniwa kirahisi kuwa mkaguzi.

Mgonjwa naye aombwe ridhaa kwa maneno mepesi, siku akiwa ametulia. Akikataa, familia hiyo iachwe hata kama wengine wamekubali. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe.

Mahojiano yachukue dakika 60 hadi 75, ndani au nyuma ya nyumba. Chini ya mwembe wa barazani ni pazuri, lakini jirani atakuja kusalimia na kuketi, na hapo habari ya kurogwa itakoma.

Maneno ya kufungulia

“Shikamoo mama. Poleni na kuuguza. Sisi hatukutoka hospitali, wala hatukuja kumkagua mganga yeyote. Tunataka kujifunza kwenu mlipopita tangu huyu ndugu alipoanza kuugua. Hakuna jibu la makosa. Jina lako halitaandikwa kwenye maelezo yako. Kitu kimoja tu hatutakificha: tukiona kuna mtu yuko hatarini kuumia, tutamwambia muuguzi, na wewe utajua kwanza.”

Maswali

Mhojaji asitamke “ugonjwa wa akili”, “kichaa” wala “mashetani” kabla mhojiwa hajatamka. Neno atakalotumia yeye ndilo litumike mpaka mwisho.

1. Nieleze alivyokuwa kabla, na siku mlipoona sasa huyu si yule. (Dodosa: alifanya nini hasa? Nani aliona kwanza?)
2. Hapa nyumbani mnaiitaje hali hii? Majirani je?
3. Siku zile za mwanzo mlisema ni nini? Sasa mnasemaje? (Dodosa: kuna ndugu asiyekubaliana?)
4. Baada ya hapo mlikwenda wapi? Kisha?
5. Kila mlipokwenda, nani alisema twendeni, na nani alilipa?
6. Waliwaambia ana nini, na walimfanyia nini? (Dodosa kwa utulivu: kusomewa, kombe, kupungwa, maombi, sindano, vidonge.)
7. Mlijuaje kwamba imesaidia au haikusaidia?
8. Kuna dawa mliyoiacha? Ilikuwaje?
9. Mliwahi kumwambia muuguzi kwamba mnakwenda pia kwa mganga? Na mganga mlimwambia habari za vidonge?
10. Akizidiwa usiku wa leo, mtaanzia wapi? Kwa nini huko?

Swali la 4 ndilo moyo wa mwongozo. Lipewe dakika 20. Chora mstari kwenye karatasi na kila kituo kitiwe alama. Tarehe watu hawazikumbuki, kwa hiyo uliza kwa misimu: kabla ya vuli, mfungo wa Ramadhani, wakati wa kuvuna mahindi. Kisha mpe mhojiwa punje 30 za mahindi azigawe juu ya vituo kwa kadiri kila kimoja kilivyogharimu, pamoja na nauli, kuku na siku za shamba zilizopotea. Mtu anayekwambia kliniki ni bure huenda akaweka punje 12 hapo, na ukiuliza utaambiwa ni nauli ya watu watatu, kwa sababu mgonjwa hasafiri bila wa kumshika.

Swali la 8 lisikubali jibu la “aliona amepona”. Uliza kama alikuwa akikakamaa shingo, kutoka udenda, kulala mchana kutwa au kunenepa. Dawa za zamani kama haloperidoli huleta mkakamao, na familia huweza kuusoma kama jini lililokasirika au sumu ya hospitali.

Ukimkuta mgonjwa amefungwa mnyororo au kufungiwa, usikemee. Malizia salamu, ahirisha mahojiano, mweleze mlezi kwamba unampigia muuguzi wa magonjwa ya akili, na kiongozi wa utafiti apewe taarifa siku hiyohiyo. Taarifa za kutaka kujiua hazisubiri hata jioni.

Kunakili

Saa moja ya sauti huchukua saa sita hadi nane kuandikwa. Iandikwe neno kwa neno, pamoja na ukimya na kicheko, na Kibondei au Kisambaa kiachwe kilivyo, tafsiri ikae pembeni. Majalada yaitwe hivi: `F07_mlezi.docx`, `F07_fedha.docx`. Orodha ya majina ikae mbali na majalada hayo.

Neno “mganga” litatutesa. Mganga mfawidhi ni wa zahanati. Mganga wa ngoma ni mwingine kabisa, na wazee humwita daktari mganga pia. “Dawa” ni hivyohivyo. Mhojaji aulize papo hapo, na mwandishi aweke alama: mganga [zahanati], mganga [asili]. Hili halirekebishiki mezani baada ya miezi miwili.

Uchambuzi

Tunafuata hatua sita za uchambuzi wa dhamira za Braun na Clarke za mwaka 2006, kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi dhamira zikamilike. Kuweka misimbo, yaani majina mafupi ya maana ya kila kipande cha maneno, kwenye tafsiri ya Kiingereza hufuta tofauti ya jini, pepo na mzimu, nasi tunaitaka tofauti hiyo.

Wachambuzi wawili wasome nakala nne za kwanza kila mmoja kivyake, kisha wakutane. Hatukokotoi asilimia ya kukubaliana. Wanapotofautiana ndipo penye kazi. Chukua sentensi hii ya mazoezi, tuliyoitunga wenyewe: “Sindano ilimtuliza, lakini haimtoi aliyemkalia.” Mmoja ataipa msimbo “imani ya majini”. Mwingine ataona mgawanyo wa kazi: hospitali hutuliza mwili, mganga hushughulika na chanzo. Msimbo wa pili unaeleza kwa nini familia inakwenda kote kuwili, kwa hiyo tuchukue huo na wa kwanza ubaki chini yake.

Misimbo ya kuanzia ni: jina la hali, mkono wa mtu, mgawanyo wa kazi ya tiba, mwenye kauli, gharama iliyofichika, madhara ya dawa, kuficha kwa muuguzi, aibu ya ukoo na ndoa. Mwingine uongezwe ukitokea katika familia mbili au zaidi, au mmoja tu ukipingana na yote tuliyokwisha kuandika.

Baada ya familia ya sita, tengeneza jedwali: mistari miwili kwa kila familia, mmoja wa mlezi na mmoja wa mwenye fedha, nguzo kwa vituo vya tiba kwa mfuatano, na ndani ya kila kisanduku sababu ya kuhama. Jedwali hili ndilo litakaloonyesha kama mlezi na mwenye fedha wanasimulia njia moja. Wakipingana, usitafute nani mkweli. Tofauti yao iingie kama data.

“Imani za jadi” si dhamira, ni kapu. Dhamira iwe sentensi yenye madai, mfano “Kliniki hupewa mwili, ukoo hubaki na chanzo”, na iwe na familia zinazoipinga zilizotajwa kwa namba zao.

Wiki ya 14 turudi kwa familia sita na waganga wawili na muhtasari wa kusomwa kwa sauti, bila nukuu yoyote ambayo jirani angeitambua.