Barua ya kumrudisha mgonjwa mwenye vali bandia ya moyo

Wodi ya Upasuaji wa Moyo
27 Januari 2025

Kwa Mganga Mfawidhi na wauguzi wa zahanati,

YAH: MAMA WA MIAKA 29, FAILI NAMBA 2217, ALIYEWEKEWA VALI YA MITRALI YA CHUMA

Asanteni kwa kumleta kwetu mapema. Kama mlivyohisi, homa ya rumatiki ya utotoni ilikuwa imeiharibu vali ya mitrali, ikawa nyembamba na ngumu kiasi cha kutotengenezeka. Tarehe 14 Januari tulimwondolea vali hiyo na kumwekea ya chuma yenye vijani viwili, kipenyo milimita 27. Eko ya juzi inaonyesha vali inafunguka na kufunga vizuri, na nguvu ya moyo ni asilimia 55. Mapigo bado hayana mpangilio, ila hayaendi mbio. Leo anarudi nyumbani, na kuanzia leo kazi kubwa ni yenu kuliko yetu.

Anatumia warfarini miligramu 5 kila jioni, bisoprololi miligramu 5 asubuhi na furosemidi miligramu 40 asubuhi. Sindano ya penisilini ya benzathini, uniti milioni 1.2, amechomwa leo. Vali mpya haimwondolei hatari ya homa ya rumatiki kurudi, kwa hiyo sindano iendelee kila baada ya wiki nne, walau mpaka afike miaka 40.

Sasa warfarini. Damu hupenda kuganda juu ya chuma. Bonge dogo tu linaweza kukwamisha kijani cha vali, au kuchomoka likaenda kwenye ubongo. Ndiyo maana dawa hii ni ya maisha. Lengo la INR yake ni 2.5 hadi 3.5, juu kidogo ya lile mlilozoea kwa wagonjwa wa bonge la mguuni, kwa kuwa vali iko upande wa mitrali na mapigo hayana mpangilio. Leo INR ni 2.8. Mlinieleza kwa simu kwamba mnacho kipimo cha tone la damu la kidoleni, kinatosha. Pimeni tarehe 3, 10, 17 na 24 Februari. Ikitulia, kila wiki mbili, kisha kila wiki nne. Tarehe 24 Februari ni siku ya sindano pia. Baadaye siku ya sindano iwe ndiyo siku ya INR, asitembee mara mbili.

Kubadilisha dozi, hesabuni jumla ya wiki, si ya siku moja. Sasa anameza miligramu 35 kwa wiki. INR ikiwa kati ya 2.0 na 2.4, mpeni 7.5 siku mbili za wiki na 5 siku nyingine. Ikiwa 3.6 hadi 4.4, mpeni 2.5 siku mbili. Kisha subirini wiki moja ndipo mpime tena. Ukiivuta dozi leo, damu haikujibu kesho. Ikiwa 4.5 hadi 10 na hatoki damu, arukishwe dozi moja au mbili, apimwe baada ya siku moja au mbili, na mtupigie. Tafadhali msimchome vitamini K miligramu 10 kwa hofu ya namba peke yake: itazuia warfarini kufanya kazi kwa siku nyingi, na vali itabaki bila kinga. Ikizidi 10, au akitoka damu kwa namna yoyote ya kutisha, aje wodini mara moja. Ikiwa chini ya 2.0, pigeni simu siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda akahitaji heparini.

Asiachishwe warfarini na mtu yeyote bila kuzungumza nasi. Nalirudia hili kwa sababu mwaka jana tulimpokea mgonjwa aliyesimamishiwa siku tano ili ang'olewe jino. Jino lilitoka salama, yeye akafika amepooza upande mmoja. Jino moja hung'olewa warfarini ikiendelea, INR ikiwa ndani ya lengo, kwa kubana pamba vizuri. Kabla ya kung'oa apewe azithromaisini miligramu 500, nusu saa hadi saa moja kabla. Amoksilini si chaguo zuri kwake, kwa kuwa anaishi na penisilini muda wote. Na msimbadilishie warfarini kwa dawa mpya za kuzuia kuganda ambazo hazihitaji INR. Kwenye vali ya chuma hazifai.

Diklofenaki na ibuprofeni asipewe kabisa, wala aspirini. Akiumwa mwili, parasetamoli. Kotrimoksazoli, metronidazoli, siprofloksasini na flukonazoli hupandisha INR. Ikibidi kumpa, mpimeni siku ya tatu hadi ya tano. Rifampisini huishusha sana, kwa hiyo akianza dawa za kifua kikuu tuzungumze kwanza. Mitishamba tumemkataza. Mboga za majani hatukumkataza: ale kama alivyozoea, kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki.

Sindano nyingine za msuli mziepuke. Ya benzathini tumeamua iendelee kwa kuwa faida yake ni kubwa. Pimeni INR kwanza, ikizidi 3.5 ahirisheni siku chache, na mkimaliza mbonyeze mahali pale dakika kumi.

Homa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ikifika nyuzi 38, pimeni malaria, na kama ipo mtibuni. Lakini kama hamwoni chanzo kilicho wazi, msianze antibayotiki "tuone itakavyokuwa". Vijidudu vikijenga kwenye vali, tunahitaji damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza. Mleteni. Akizirai au shinikizo likishuka, msisubiri maabara: mpeni antibayotiki na mumkimbize.

Mwezi huu wa kwanza maji au damu inaweza kukusanyika polepole kuzunguka moyo, hasa kwa anayetumia warfarini. Akianza kuchoka, kuhema, mishipa ya shingo ikivimba na shinikizo kushuka, msiongeze furosemidi mkidhani ni moyo kushindwa. Mleteni siku hiyo hiyo.

Kila anapokuja, msikilizeni kifua. Mtasikia mlio mkavu kama saa ya mkononi. Yeye mwenyewe huusikia usiku, na mumewe pia, walilalamika nao kidogo mpaka tulipowaeleza kwamba mlio ni habari njema. Mlio ukififia au ukipotea, au akipata pumzi fupi ghafla, ulimi mzito au mkono dhaifu, ni dharura hata kama INR ni nzuri.

Ana watoto wawili na kipandikizi cha uzazi wa mpango alichowekewa kabla ya upasuaji. Warfarini inaweza kuharibu mimba changa, hasa wiki ya 6 hadi ya 12. Damu ya mwezi ikichelewa, mpimeni mimba siku hiyo na mtupigie. Asiache dawa mwenyewe. Kipandikizi kikimaliza muda, abadilishiwe kabla, wala asipewe vidonge vyenye estrojeni.

Kidonda cha kifua kimefunga. Asibebe zaidi ya kilo 5 kwa miezi mitatu, hata mtoto. Tunamwona hapa tarehe 10 Machi kwa eko. Kadi ya vali na daftari la INR anazo. Namba ya wodi iko nyuma ya kadi, na simu hiyo hupokelewa usiku na mchana. Andikeni kila INR na dozi kwenye daftari lile lile, ili atakayepokea simu asome mnachokisoma nyinyi.

Wenu katika kazi,
Daktari wa wodi, Upasuaji wa Moyo